Nefropathi ya oksalati: glasi ya birimbi inavyoumiza figo

Nefropathi ya oksalati ni jeraha la figo linaloletwa na fuwele. Oksalati yenyewe imo kwenye vyakula vingi tunavyokula kila siku. Ukila mchicha mwingi ukahisi meno yamekuwa kama yamepakwa chokaa, hiyo ndiyo kazi yake. Na ule ukali wa birimbi unaokufanya ufumbe macho unatokana kwa sehemu kubwa na asidi ya oksaliki.

Kwa kawaida haitudhuru. Tukila chakula, kalisi iliyomo huishika oksalati ndani ya utumbo, vikashikamana, na sehemu kubwa ikatoka chooni. Kidogo kinachoingia kwenye damu hutolewa na figo kwa mkojo. Taabu huanza oksalati ikija nyingi kwa mpigo, tena tumbo likiwa tupu, hakuna kalisi ya kuizuia. Hapo inapita kwenda kwenye damu, figo zinaichuja, na ndani ya vile vijifereji vyembamba vya figo inakutana na kalisi. Huko ndiko fuwele zinakotengenezeka. Zinaziba njia, zinachubua kuta, na figo inavimba kwa ndani. Mtu akiwa ametapika au ameharisha, mkojo wake unakuwa mchache na mzito, na fuwele zinapata nafasi zaidi.

Ndiyo maana birimbi lile lile lisilo na neno kwenye achari au mchuzi wa samaki linaweza kumlaza mtu hospitali likigeuzwa dawa. Huko Kerala, India, ambako mbirimbi umeota nyuani kama ulivyo Unguja, Tanga na Mombasa, madaktari waliripoti mwaka 2013 wagonjwa 10 walioumia figo kwa ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi. 7 kati yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Wengi wanaokunywa juisi hiyo wanataka kushusha mafuta au sukari mwilini, jambo ambalo mtu yeyote mwenye kisukari atalielewa.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, niliyemtunga kutokana na mambo tunayoyaona. Ni mama wa miaka 58 wa Tanga, mwenye kisukari na presha. Anatumia metformini na enalaprili, na miezi mitatu nyuma kreatinini yake, ile taka ya damu inayopanda figo zikishindwa, ilikuwa 82, yaani figo zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Leo ameletwa na binti yake. Ametapika siku mbili, kiuno kinamuuma pande zote mbili, na tangu jana amekojoa mara moja tu. Kreatinini imefika 610, na potasiamu imepanda hadi 5.9. Altrasaundi inaonyesha figo za ukubwa wa kawaida, hakuna jiwe lililoziba wala mkojo uliorudi nyuma. Hilo peke yake linasema kitu: figo zilizokufa polepole kwa miaka mara nyingi huwa zimesinyaa, hizi hazijasinyaa, kwa hiyo tunatafuta jambo la siku chache.

Daktari kijana anauliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hizo zenu tu, mwanangu."

Anaandika kwenye faili: hatumii dawa za kienyeji. Mama hakusema uongo. Kwake dawa ni kidonge, au kile anachotoa mganga. Birimbi ni la uani, ni chakula, analiweka kwenye kachumbari. Swali ndilo lililokosea, na kama kipimo cha damu kingekosewa namna hiyo tungekirudia.

Muuguzi wa zamu, mtu mzima, anakaa kwenye kiti kando ya kitanda badala ya kusimama miguuni. Anasema, "Shikamoo mama. Pole. Sisi wa huku nyumbani hatukosi vitu vyetu, majani, mizizi, juisi, vitu vya kusafisha tumbo. Mimi mwenyewe nimelelewa navyo. Wiki hizi mbili umepata kitu gani cha kukusaidia sukari?"

"Aa, ni birimbi tu. Jirani alinionyesha."

"Unalitengenezaje?"

"Natwanga, nachuja, nakunywa glasi asubuhi kabla ya chai. Kama kumi na tano hivi. Siku sita sasa."

Mazungumzo hayo hayakufika dakika mbili, na yameleta kilichokuwa kikitafutwa. Tazama muuguzi alivyofanya. Alianza kwa kusema kwamba jambo hilo ni la kawaida, ili mama asijione yuko mahakamani. Alitaja vitu kwa majina yake badala ya kutumia neno dawa. Aliuliza sababu, yaani sukari, kwa kuwa mtu huikumbuka shida yake haraka kuliko orodha ya alivyokunywa. Kisha akauliza namna ya kutengeneza, maana madhara ya birimbi yamo kwenye kiasi na kwenye tumbo tupu. Jina la mmea pekee lisingetosha.

Kuna sababu nyingine ya kutotosheka na jina. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene kliniki walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina. Mmea uliotakiwa ni Stephania tetrandra, lakini uliowekwa ulikuwa Aristolochia fangchi, kwa sababu majina yake ya Kichina yanakaribiana. Aristolokia ina asidi inayokausha figo na kuacha makovu yasiyopona. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1993. Wengi wao waliishia kwenye mashine au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwa hiyo mgonjwa akikutajia jina, muombe kwa upole alete chupa, gome au unga wenyewe. Na kama ni mchanganyiko wa kununuliwa unaoondoa maumivu ya viungo kwa saa moja, fikiria pia kwamba huenda umetiwa diklofenaki au steroidi kwa siri.

Tukirudi kwa mama, mkojo wake ukiwekwa chini ya hadubini unaweza kuonyesha fuwele zenye umbo la bahasha, miraba midogo yenye msalaba katikati. Zikionekana zinasaidia, zisipoonekana hazikatai ugonjwa, na hata mtu mzima wa afya huweza kuwa nazo chache. Uthibitisho kamili ni kukata kipande cha figo na kukitazama kwa mwanga maalumu, ambapo fuwele humeremeta ndani ya vijifereji. Hospitali nyingi za kwetu hazina huduma hiyo. Hapo maelezo ya mgonjwa yanabeba mzigo mkubwa wa utambuzi, na maelezo hayo hayapatikani kwa kukaripia.

Hakuna dawa ya kuifuta oksalati iliyokwisha kukaa kwenye figo. Birimbi linasimamishwa. Metformini inasimamishwa, kwa kuwa figo zikilala hujilimbikiza na damu kuwa na asidi, na sukari inashikwa kwa insulini kwa muda. Enalaprili nayo inapumzishwa. Maji ya mshipa hutolewa kurudisha yale aliyoyatapika, kwa kipimo, si kumjaza mtu asiyekojoa hadi mapafu yaingie maji. Potasiamu ikipanda haishikiki, au asidi ikizidi, au akaanza kuchanganyikiwa, anawekwa kwenye mashine. Mama wetu wa mfano amesafishwa mara nne, mkojo ukarudi wiki ya pili, na baada ya wiki sita kreatinini ni 118. Amepona kwa kiasi kikubwa, ingawa hajarudi alipokuwa. Wale 10 wa Kerala nao figo zao zilirejea. Anayekuwa hatarini zaidi ni yule ambaye figo zake zilikuwa zimeshachoka kabla, hasa kwa kisukari cha miaka mingi.

Kwa huyo wa figo zilizochoka, ushauri wangu ni aache kabisa birimbi na ndugu yake, lile tunda linalotoka umbo la nyota ukilikata. Hilo la nyota lina pia sumu ya ubongo ambayo figo nzima huitoa na figo mbovu hushindwa. Mgonjwa wa figo akianza kwikwi isiyokoma baada ya kulila, kisha akachanganyikiwa, asisubiri kesho. Kwikwi ndiyo dalili ya mwanzo, na mashine ikiwahi inaokoa.

Sasa namna ya kumwambia mama. Nimesikia wenzangu wakisema mbele ya wodi nzima, "Mnajimaliza wenyewe na mitishamba yenu." Mgonjwa aliyesikia hivyo hatakutajia tena anachokunywa, na wa kitanda cha pili naye amejifunza kunyamaza. Tena kauli hiyo si ya kweli. Metformini anayoimeza chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, na kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Upande wa pili, diklofenaki tunayoiandika sisi huumiza figo za watu kila siku. Mimi humwambia mgonjwa mambo hayo yote mawili, kwa sababu akiona siifichi dawa yangu, ananiamini ninapoitaja yake.

Muuguzi anamwambia hivi: "Mama, ulikuwa unajitafutia afya, na hilo ni jambo jema. Birimbi la kwenye mchuzi lisingekufikisha hapa. Lililokuumiza ni wingi wake, limekamuliwa, halafu tumbo tupu. Lina chumvi inayoganda kwenye figo kama magadi chini ya sufuria. Kuanzia sasa figo zako ziko dhaifu kidogo, kwa hiyo hata la mchuzini tuliache. Ukipata kitu kingine cha sukari, njoo nacho kwanza tukitazame pamoja. Hebu nieleze, ukifika nyumbani mkweo akikuuliza kilichokupata, utamwambiaje?"

Swali hilo la mwisho linaonyesha kama ameelewa, na pia linampa maneno ya kusema asiaibike. Binti yake ndiye aliyekuwa akitwanga, na amekaa pembeni ameinamisha kichwa. Naye anaambiwa kwa jina la heshima kwamba hakumtilia mama yake sumu, alimtii.

Siku ile ile aliyoletwa, kwenye faili ile sentensi ya kwanza inakatwa mstari mmoja, isomeke bado, na chini yake inaandikwa: juisi ya birimbi, matunda 15 hivi, glasi moja asubuhi tumbo tupu, siku 6, tarehe ya mwisho jana. Ukiandika "dawa za kienyeji" tu, daktari wa kesho hana cha kufanyia kazi.

"Na yule jirani, mama, naye anakunywa?" muuguzi anauliza.

"Anakunywa. Yeye ana presha."

"Tangu lini?"

"Kabla yangu."

"Basi tunamwomba binti yako ampigie sasa hivi. Amwambie asinywe ya kesho asubuhi, na aje tumpime damu. Hatumgombezi."