"Usiku Mnakuwa Wangapi?": Dhana Potofu Kuhusu Jina la Hospitali Mbele ya Wauguzi

Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mitano au sita anapoona tangazo la kazi la hospitali binafsi, mara nyingi haanzii kwenye tovuti ya hospitali hiyo. Humtafuta mtu waliyesoma naye chuoni ambaye kwa sasa anafanya kazi pale, na baada ya salamu humwuliza: "Sista, hapo kwenu usiku mnakuwa wangapi wodini?" Jibu la swali hilo ndilo wataalamu wa rasilimali watu wanaloliita chapa ya mwajiri, yaani sifa ya hospitali kama mahali pa kazi, ingawa wao hulitafuta kwingine. Nimewahi kuulizwa swali hilo nikiwa muuguzi wa wodi, na baadaye nimekaa upande wa pili wa meza nikijaribu kujaza nafasi zilizo wazi, kwa hiyo dhana ninazozieleza hapa baadhi nilizishika mwenyewe.

Dhana: Jina la mwajiri hujengwa na ofisi ya masoko

Hospitali inayokosa wauguzi huagiza video fupi, mabango na picha za wauguzi wanaotabasamu katika sare mpya. Picha hizo huwavutia wagonjwa. Muuguzi huangalia picha hiyohiyo akahesabu vitanda vilivyo nyuma ya mwenzake anayetabasamu.

Ukweli wa jambo hili una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi, lakini baadhi ya hospitali zilikuwa zikiwapata na kuwatunza wakati majirani zao wakihangaika. Mwaka 1983 Akademia ya Uuguzi ya Marekani ilichapisha utafiti uliozitazama hospitali 41 za aina hiyo, zikaitwa hospitali sumaku. Mambo 14 yaliyotokana na utafiti huo kama vyanzo vya mvuto yalihusu, kwa sehemu kubwa, wodi yenyewe: ubora wa uongozi wa uuguzi, uhuru wa muuguzi kutumia taaluma yake, uhusiano wake na madaktari, idadi ya watumishi na nafasi ya kujiendeleza. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mpango rasmi wa kuzitambua hospitali za namna hiyo, na ya kwanza kupata hadhi hiyo ilikuwa Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, mwaka 1994. Hadhi hiyo hudumu miaka minne, kisha hospitali hupimwa upya.

Kwetu kuna njia moja ya matangazo ambayo ofisi ya masoko huisahau kabisa, nayo ni wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi anayekaa wodini wiki sita huona namna daktari anavyomjibu muuguzi aliyempigia simu saa nane usiku, huona kama glavu zipo, na huona nani anakula chakula cha mchana na nani hapati nafasi. Akirudi chuoni darasa zima linajua. Hospitali inayowatumia wanafunzi hao kama mikono ya bure ya kuziba pengo la zamu huwa imekwisha kulipia tangazo baya kwa miaka kadhaa.

Dhana: Wauguzi huondoka kwa sababu ya mshahara tu, kwa hiyo hospitali isiyo na fedha haina la kufanya

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ni unafiki kuikana. Nchini Tanzania, ajira za serikali zinapotangazwa, hospitali binafsi hupoteza wauguzi kwa mkupuo kwa sababu ajira ya kudumu na pensheni ya utumishi wa umma ni vitu vyenye uzito. Kenya na Uingereza zilitia saini mwaka 2021 makubaliano kuhusu wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko, na hakuna bango la hospitali ya Nairobi litakaloshindana na paundi. Mshahara unaochelewa hauna dawa nyingine zaidi ya kulipwa kwa wakati.

Hata hivyo, miongoni mwa hospitali zinazolipa karibu sawa, tofauti hutokana na mzigo wa kazi. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja zaidi aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuwa na uchovu uliopitiliza wa kazi. Miongoni mwa wauguzi waliochoka kiasi hicho na ambao hawakuridhika na kazi, asilimia 43 walikusudia kuondoka ndani ya mwaka mmoja. Kwa wale ambao hawakuwa katika hali hiyo, ilikuwa asilimia 11.

Sasa tuifuate hesabu ya wodi moja ya mfano, maana hapa ndipo ahadi nyingi za tangazo la kazi hufia. Wodi ina vitanda 28. Uongozi unataka wauguzi watatu asubuhi, wawili jioni na wawili usiku, yaani zamu saba kwa siku na zamu 49 kwa wiki. Muuguzi anayefanya zamu tano za saa nane hutimiza saa 40, na sheria ya kazi ya Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukigawa 49 kwa tano unapata karibu wauguzi kumi, na wasimamizi wengi huishia hapo. Lakini kila mtu ana siku 28 za likizo ya mwaka, wapo watakaougua, wapo watakaojifungua, wapo watakaokwenda kwenye mafunzo. Tukikadiria kwamba mambo hayo yanakula asilimia 15 ya muda, wodi hiyo inahitaji wauguzi 12.

Chukulia kwamba wodi ina wanane. Kwenye karatasi wana zamu 40 kwa wiki, na baada ya kutoa asilimia 15 zinabaki 34. Zamu 15 kila wiki hazina mtu. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kuambiwa arudi kesho, zamu hizo hujazwa kwa njia tatu: muuguzi huitwa siku yake ya mapumziko, likizo huahirishwa, au usiku huachiwa mtu mmoja. Tangazo lililoahidi uwiano mzuri wa kazi na familia limekwisha kukanushwa na rosta, na rosta hupigwa picha ikatumwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla wino haujakauka.

Hospitali isiyoweza kuajiri wanne zaidi kwa mkupuo bado ina la kufanya. Inaweza kupunguza vitanda vinavyopokea wagonjwa hadi idadi inayohudumika, kuajiri kikundi kidogo cha wauguzi wa akiba wanaozunguka wodi zote, kumwondolea muuguzi kazi ya kufuata dawa stoo na kusukuma machela, na kutoa rosta wiki nne kabla badala ya Jumapili jioni. Hilo la mwisho halihitaji bajeti, na katika uzoefu wangu hakuna jambo la bei nafuu linalosifiwa zaidi na wauguzi wenye watoto wadogo.

Dhana: Mahojiano ya kuondoka yanatosha kueleza kwa nini watu wanaacha kazi

Muuguzi anayeondoka bado anahitaji barua ya utumishi na mtu wa kumthibitisha kwa mwajiri mpya, kwa hiyo huandika "sababu za kifamilia" na kuaga kwa heshima. Fomu kumi za aina hiyo hazifundishi kitu.

Kinachofundisha ni kuzigawa takwimu. Hospitali ya mfano yenye wauguzi 120 iliyopoteza 30 kwa mwaka ina kiwango cha kuondoka cha asilimia 25, na namba hiyo peke yake humfanya mkurugenzi afikirie mshahara wa wote. Lakini ukiuliza waliondoka baada ya muda gani na kutoka wapi, huenda ukakuta 19 kati yao hawakumaliza mwaka, na 12 kati ya hao 19 walipangiwa wodi moja. Hapo tatizo limebadilika sura: ni namna wageni wanavyopokelewa, na ni wodi moja yenye msimamizi mmoja.

Niliwahi kufanya kazi katika hospitali ambayo mgeni alitembezwa majengo kwa siku tatu, akapewa kitambulisho, na usiku wa nne akakabidhiwa wodi pamoja na mhudumu mmoja. Usiku wangu wa kwanza niliachiwa funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa na daftari lililokuwa na saini pungufu, huku spana ya kufungulia mtungi wa oksijeni ikiwa haijulikani ilipo. Tuliipata saa kumi alfajiri mfukoni mwa koti la mtu aliyekuwa ameshaenda nyumbani. Tulioanza pamoja tulikuwa watano. Baada ya miezi minane nilikuwa nimebaki mimi na mwingine mmoja.

Njia iliyo bora ni kuzungumza na watu wakiwa bado wapo, siku ya 30 na siku ya 90, na mzungumzaji asiwe yule anayewapangia zamu. Swali liwe la jambo mahususi: "Katika wiki mbili zilizopita, ni zamu ipi iliyokufanya ufikirie kuondoka, na nini kilitokea?" Aliyekwisha kuondoka apigiwe simu baada ya miezi mitatu, akiwa ametulia kwa mwajiri mpya. Wakati huo familia haitajwi tena.

Dhana: Ukimsomesha muuguzi umemtengenezea njia ya kuondoka

Hofu hii huzaa mikataba ya kuwafunga watu na, mahali pengine, tabia ya kushikilia vyeti halisi vya mtumishi. Vyeti vinavyoshikiliwa ni habari inayosafiri kuliko tangazo lolote, na muuguzi mwenye ujuzi adimu ndiye wa kwanza kuikwepa hospitali yenye sifa hiyo.

Nilichokiona mara kwa mara ni hiki: muuguzi anapelekwa kusomea huduma ya wagonjwa mahututi au usafishaji damu, anarudi, na matroni anamrudisha wodi ya kawaida kwa sababu kuna pengo, kwa cheo kilekile na mshahara uleule. Anapoondoka, lawama hutupiwa kozi. Makubaliano ya kutumikia kwa muda unaolingana na gharama yanaweza kuwa ya haki, mradi yaandikwe kabla ya safari na yataje mambo mawili upande wa mwajiri pia, yaani kitengo atakachopangiwa akirudi na ngazi ya mshahara atakayopewa.

Dhana: Tangazo zuri la kazi huficha upungufu

Muuguzi aliyeahidiwa wenzake wawili na kumkuta mmoja huondoka akiwa na hasira ya kudanganywa, na huyo hupiga simu nyingi. Tangazo ninalolipendekeza kwa wodi ile ya vitanda 28 lingesomeka hivi: "Kwa sasa usiku kuna muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Tunaajiri wanne ili wawe wauguzi wawili, na hadi watakapopatikana tumepunguza vitanda hadi 18. Rosta hutoka wiki nne kabla. Wiki nne za kwanza hutapangiwa zamu peke yako."