Dawa Ndani ya Ramadhani: Sukari Ikishuka, Usisubiri Adhana

Shaabani ikiingia, kliniki yetu ya kisukari na pumu hapa Unguja hujaa maswali. Nimeyakusanya yale yanayorudi kila mwaka, nikaanza na lile linalotuletea wagonjwa kwenye machela.

"Sukari ikinishuka alasiri, si nivumilie tu? Magharibi imeshakaribia."

Hapana. Fungua hapo hapo.

Sukari kushuka ni pale mashine inaposoma chini ya 3.9, au chini ya 70 kwa mashine zile zinazosoma kwa mamia. Mwili hukuambia mapema: mikono inatetemeka, kijasho chembamba kinakutoka hata kama kuna upepo, moyo unakwenda mbio, unakasirika bila sababu, maneno yanakupotea. Ubongo hauna ghala la sukari, unategemea ile iliyomo kwenye damu. Ikiendelea kushuka mtu huanguka, hupata degedege, na wengine hawaamki tena.

Ukiona dalili, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Nusu glasi ya soda ya kawaida inafaa pia, lakini si zile zisizo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula cha kushibisha, maana sukari ya maji haikai. Huna mashine? Dalili zinatosha, kunywa.

"Lakini zimebaki dakika 20 tu, na sijisikii vibaya sana."

Fungua. Narudia kwa sababu swali hili hurudi kila mwaka na kila mwaka jibu ni hilo hilo. Dawa uliyotumia daku haijui kwamba muadhini yuko njiani, inaendelea kuishusha. Iliyosoma 3.5 sasa inaweza kuwa 2.5 baada ya dakika 20, na mtu wa 2.5 mara nyingi hana tena akili ya kuamua afungue au asifungue. Kutojisikia vibaya nako si dalili ya usalama. Aliyekaa na kisukari miaka mingi huweza kupoteza zile ishara za kutetemeka na kutoka jasho, akaanguka ghafla.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo haina sharti la kwanza kuzimia.

"Kutoboa kidole hakufunguzi? Na sindano je?"

Kupima sukari hakufunguzi, na sindano ya insulini haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala haipiti njia ya chakula. Mwaka 1997 wanazuoni na madaktari walikutana Kasablanka, Moroko, wakalitazama suala hili, na sindano zisizo za lishe wakaziweka kwenye mambo yasiyobatilisha saumu. Kama moyo wako bado una wasiwasi, nenda kwa sheikh wako leo. Usingoje mpaka siku unayotetemeka.

Unapofunga na kisukari, pima kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, na saa mbili baada ya kufuturu. Kama vibanzi vya kupimia havitoshi, basi alasiri usiikose, kwani ndiyo saa wagonjwa wangu wengi wanapoanguka. Ikisoma zaidi ya 16.6 (yaani 300 kwa mashine nyingine) pia fungua, unywe maji na uwasiliane na kliniki. Sukari ya juu inakukojoza maji ambayo huna pa kuyarudishia mpaka jioni.

"Vidonge vyangu ni asubuhi, mchana na jioni. Nivinywe vyote pamoja nikifuturu?"

Usifanye hivyo hata siku moja. Kubeba dozi ya kutwa nzima na kuimeza mara moja kunaumiza tumbo kwa dawa nyingine, na kwa nyingine kunakuangusha usiku wa manane.

Metfomini ndiyo rahisi, maana peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Anayekunywa mara mbili anahamishia futari na daku. Anayekunywa mara tatu, kwa mfano miligramu 500 kila mara, kile cha mchana hukiunganisha na cha futari: 1,000 anapofuturu, 500 daku. Anayekunywa mara moja hunywa anapofuturu.

Kidonge kinachonitia hofu ni glibenklamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil. Inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu, na hukaa mwilini muda mrefu. Mtu akimeza daku, alasiri bado inafanya kazi. Ukiwa unaitumia, njoo kliniki kabla ya mwezi kuandama tukutazame kama unaweza kubadilishiwa gliklazaidi, ambayo ina hatari ndogo zaidi. Nayo ina mpango wake: anayekunywa mara moja hunywa futari, anayekunywa mara mbili, dozi ya asubuhi huhamia futari na ya jioni hupunguzwa ikanywewa daku.

"Nachoma insulini asubuhi na jioni. Daku si ndiyo asubuhi yangu?"

Kosa hili limewalaza wengi. Asubuhi ya siku za kawaida ina chai, chapati, na chakula cha mchana nyuma yake. Daku nyuma yake hakuna kitu kwa saa 13 na zaidi. Kwa hiyo dozi hubadilishana mahali: ile kubwa ya asubuhi inakwenda kwenye futari, na ile ya jioni inapunguzwa, mara nyingi kwa nusu, inachomwa daku.

Nakupa mfano wa mzee mmoja tuliyempokea. Anatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya rangi ya maziwa iliyoandikwa 30/70, yuniti 30 asubuhi na 16 jioni. Ramadhani ilipoanza akachoma 30 zake daku kama alivyozoea, akala tende mbili na chai, akalala. Baada ya Alasiri wanawe wakamwona amejilaza barazani, hataki kuongea. Wakasema saumu imemchosha, wakamfunika shuka. Walipomwamsha kwa ajili ya futari hakuamka. Alipofika kwetu kanzu ilikuwa imelowa jasho mgongo mzima, na mashine ilisoma 1.9. Tulimwekea dripu ya sukari, akafumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama wameshaadhini.

Mpango wake ulipaswa kuwa yuniti 30 anapofuturu na 8 daku, na daku yenyewe iwe chakula cha kweli: muhogo au wali, maharage, samaki. Kwa mpango huo, alasiri ikisoma chini ya 5 siku mbili mfululizo, zile 8 nazo zinapunguzwa tena. Hesabu hii ni ya kwake. Yako tuipange pamoja, maana anayechoma insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku hesabu yake ni nyingine: huchoma futari, na dozi hupunguzwa kidogo, mara nyingi asilimia 15 hadi 30.

Mambo mawili zaidi hapa. Usichome kabla ya adhana eti uwahi, chakula kikichelewa itakuwa balaa. Ukisikia adhana choma, fungua kwa tende na maji, swali Magharibi, kisha kaa ule. Na usile daku saa sita usiku ukalala mpaka alfajiri, kama wengi wetu tunavyopenda. Unajiongezea saa tano za njaa bure. Daku isogeze karibu na imsaki.

Wala usiache sindano kabisa kwa kuwa huli. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha, damu yake inageuka tindikali, anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

"Nina pumu. Pampu inafunguza?"

Kuna pampu mbili. Ile ya kahawia ni ya kinga, hutumika mara mbili kila siku hata ukijisikia mzima, na inaingia vizuri kabisa kwenye daku na futari. Sukutua mdomo baada yake. Hii haina sababu yoyote ya kuachwa Ramadhani, lakini watu wanaiacha, na wiki ya pili wanakuja wanahema.

Ile ya buluu ni ya kufungua kifua kikibana. Masheikh wamehitilafiana juu yake: wengi kule Kasablanka waliona haifunguzi, wengine wanaona inafunguza. Muulize wako kabla ya mwezi. Ila kifua kikibana usikae kupima hoja, vuta. Mipulizo minne, mmoja mmoja, ukipata chupa ya kuvutia itumie. Baada ya dakika 20 kifua bado kimebana, rudia mkiwa njiani kuelekea hospitali. Ikiwa inafunguza, umefungua, utalipa. Nimeona kijana ana pampu mfukoni na midomo imeshaanza kuwa ya bluu, anasubiri jua lizame. Naomba nisione tena.

"Nani hasa asifunge?"

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza ambacho hakijatulia. Mjamzito anayechoma insulini. Aliyezimia kwa sukari kushuka, au kulazwa kwa sukari ya tindikali, ndani ya miezi mitatu iliyopita. Yule asiyezihisi tena dalili za kushuka. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Mzee dhaifu anayeishi peke yake. Mwenye pumu aliyetoka kulazwa, au anayehitaji pampu ya buluu kila siku. Na yeyote mwenye homa, kuharisha au kutapika, mpaka apone.

Kama ugonjwa wako si wa kupona, muulize sheikh kuhusu fidia ya kulisha maskini. Anayetaka kufunga na hayumo humu aje kliniki mwezi wa Rajabu, si usiku wa kuandama mwezi.

"Nikimkuta baba amelala alasiri, nitajuaje kama ni saumu au ni sukari?"

Mwamshe. Usimwache mtu alale alasiri bila kumwamsha, akiwa anatumia insulini au glibenklamaidi. Mshike mgongo uone kama umelowa, muulize jina lako. Akijibu vizuri, mpime ukiwa na mashine. Akijibu ovyo lakini anaweza kumeza, mpe maji ya sukari hata kama anakataa na kutaja saumu, kwa sababu ubishi huo wenyewe ni dalili. Akiwa hajitambui, usimmiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, ita gari, na kamata vidonge vyake au chupa yake ya insulini uje nayo, ili tujue itaendelea kumshusha mpaka saa ngapi.