Muhtasari wa ripoti kwa mfadhili: anza na mlichokikuta, usuli utasubiri

Ripoti nyingi za utafiti tunazozihariri kabla hazijaenda kwa wafadhili zina muhtasari wa kurasa tatu au nne, na karibu zote zinafuata njia ile ile: usuli, malengo, methodolojia, changamoto za fildi, halafu matokeo, halafu mapendekezo kule mwisho kabisa. Yaani mwandishi anasimulia kazi ilivyokwenda tangu siku ya kwanza. Sasa yule afisa programu anayeisoma ana ripoti kibao mezani na kikao saa nane mchana, na anachotafuta ni vitu viwili tu, mmekuta nini na mnataka tufanye nini, na kama ukurasa wa kwanza hauna hayo basi anaingia kikaoni bila hayo. Fedha zitapangwa hivyo hivyo, ila utafiti wenu hautakuwemo kwenye mazungumzo.

Nichukue utafiti wa kweli ambao wengi kwenye sekta ya elimu Tanzania wanaujua, jaribio la KiuFunza lililoendeshwa na Twaweza mwaka 2013 na 2014. Shule za msingi 350 kwenye wilaya 10, zikagawanywa kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, 70 nyingine walimu wa darasa la 1 hadi la 3 waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, 70 zikapata vyote viwili, na 140 hazikupata kitu, hizo za kulinganishia. Muhtasari wa hapa chini nimeutunga mimi kwa ajili ya somo hili, sio wa watafiti wenyewe, ila ukishawahi kusoma ripoti utaitambua sauti yake:

> Elimu ya msingi ni nguzo muhimu ya maendeleo ya taifa. Licha ya juhudi za Serikali na wadau, ujifunzaji umeendelea kuwa changamoto. Utafiti huu ulilenga kuchunguza mchango wa ruzuku na motisha kwa walimu katika ufaulu. Jumla ya shule 350 zilihusika. Matokeo yanaonyesha kuwa afua zilikuwa na athari tofauti. Inapendekezwa wadau washirikiane kuboresha elimu.

Hakuna uongo hapo hata mmoja, lakini pitisha kila sentensi kwenye swali hili: je, hii ingeweza kuandikwa kabla hamjaenda fildi? Nguzo ya maendeleo, ndiyo ingeweza. Ulilenga kuchunguza, ndiyo, hiyo ipo tangu kwenye proposali. Athari tofauti, ndiyo, hata asiyewahi kukanyaga shule angeweza kusema hivyo. Mkichuja hivi mnabaki karibu na patupu, na ndo maana nasisitiza kwamba kuhamisha aya ya matokeo kuipandisha juu hakutoshi, maana sentensi yenyewe haijabeba matokeo bado. Fungueni sura ya matokeo upya, mwandike kwa kauli kamili kile ambacho kingemfanya mtu abadilishe uamuzi, kisha muhtasari uanzie hapo.

Kwa KiuFunza ingekuwa hivi:

> Baada ya miaka 2, ruzuku peke yake haikupandisha alama za wanafunzi. Bonasi kwa walimu peke yake ilionyesha dalili za kusaidia, ila ushahidi wake si mzito. Shule zilizopata vyote viwili alama zilipanda waziwazi, na zilipanda zaidi ya ukijumlisha mchango wa ruzuku peke yake na wa bonasi peke yake. Tunapendekeza mfadhili anayepeleka ruzuku shuleni aiambatanishe na bonasi ya walimu inayotegemea kufaulu kwa watoto, akianzia darasa la 1 hadi la 3 ambako jambo hili limepimwa.

Angalia sentensi ya kwanza ni habari mbaya. Hapa ndo watu wengi wanasita, hasa kama mfadhili mwenyewe ndiye aliyekuwa anatoa hizo ruzuku, wanaanza na lile zuri halafu baya linawekwa katikati kwa maneno laini kama "matokeo hayakuwa ya kuridhisha sana". Msifanye hivyo. Bila kujua kwamba ruzuku peke yake haikufua dafu, pendekezo la kuunganisha halina sababu, mfadhili atauliza kwa nini asiendelee tu na ruzuku yake kama kawaida, na atakuwa na haki kuuliza.

Hatari nyingine iko upande wa pili, na hii ndo inanitia wasiwasi zaidi kwenye kazi hii. Matokeo yakipandishwa juu yanabanwa, na yakibanwa yale maneno ya tahadhari ndo yanakuwa ya kwanza kukatwa. "Dalili za kusaidia" inageuka "ilisaidia", mtu kafupisha tu wala hana nia mbaya, lakini sasa muhtasari unasema kitu ambacho ripoti haisemi. Kwa hiyo ukimaliza, kaa na muhtasari mkono mmoja na sura ya matokeo mkono wa pili, linganisha nguvu ya kila kauli na kila namba. Mipaka ya utafiti nayo ikae jirani na kauli inayohusika, kama hapo "darasa la 1 hadi la 3", maana ukiipeleka kwenye aya yake ya mwisho hakuna atakayeifikia.

Kwenye mapendekezo mimi huwa natafuta mtu. Nani anatakiwa kufanya, afanye nini, kwa fedha ipi? "Wadau washirikiane" haimhusu yeyote, kwa hiyo hakuna hata anayeweza kukataa. Kila pendekezo likae chini ya tokeo lililolizaa, na kama kuna pendekezo halina tokeo juu yake, hata kama ni zuri namna gani, litoke kwenye muhtasari, hilo ni wazo lenu sio la utafiti.

Methodolojia haifutwi, inashuka na inafupishwa. Msomaji akishasikia ruzuku haikufanya kazi atauliza mmejuaje, na sentensi mbili tatu zinatosha kumjibu: shule ngapi, wapi, mwaka gani, mlilinganisha na nini. Aina ya dodoso, programu ya kompyuta iliyotumika na vibali vibaki ndani ya ripoti. Usuli upate sentensi moja, tena mara nyingi haihitajiki kwa sababu mfadhili ndiye aliyesaini mkataba, tatizo analijua. Na msiandike "kama inavyoonekana kwenye jedwali", maana muhtasari husambazwa peke yake na hilo jedwali halitakuwepo.

Kuna shirika la Kanada lililokuwa likifadhili utafiti wa huduma za afya ambalo lilitaka ripoti zije kwa mpangilio wa 1:3:25, ukurasa 1 wa ujumbe mkuu, kurasa 3 za muhtasari, na 25 za ripoti yenyewe. Hata kama mfadhili wenu hajadai hivyo, huo ukurasa 1 andikeni.

Kabla ya kutuma, mpe mtu wa idara nyingine, mhasibu anafaa sana, asome ukurasa wa kwanza tu kisha umchukulie karatasi na umuulize umeelewa nini. Akijibu "mlikuwa mnachunguza mambo ya ruzuku na walimu", rudini mkaandike tena. Akijibu "ruzuku peke yake haikusaidia, mnataka waunganishe na bonasi", hapo tumeni.