Je, wajua kwa nini msukumo wa neva haukwami juu?

*“Tumefundishwa kwamba volteji ikipanda inafungua milango ya sodiamu, na sodiamu ikiingia inazidi kupandisha volteji. Mbona basi mambo hayaendelei hivyo bila kikomo, neva ikabaki imekwama juu?” Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, Bukavu.*

Ingekwama kweli, kama chaneli ya sodiamu ingekuwa na lango peke yake. Lakini chaneli hiyo ina lango na kizibo, na vyote viwili vinaitikia volteji ileile. Lango linawahi, kizibo kinachelewa kidogo. Msukumo wa neva, ambao wanafunzi wa Bukavu wanaujua kwa jina la potansieli daksioni, unaishi ndani ya ule muda mfupi kati ya kuwahi na kuchelewa.

Tuanze neva ikiwa imetulia. Ndani yake volteji ni takriban milivolti -70 ukilinganisha na nje. Sodiamu imejaa nje, kama milimoli 145 kwa lita, na ndani ni kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume chake: 140 ndani, 4 nje. Tofauti hizo zinajengwa na pampu ya sodiamu na potasiamu, tena polepole. Pampu hiyo haihusiki na kuishusha volteji baada ya kila msukumo, ingawa karatasi nyingi za mtihani huandika hivyo. Ioni zinazovuka utando katika msukumo mmoja ni chache mno, hata huwezi kuona mabadiliko ya kiwango ndani ya neva nene. Watafiti Hodgkin na Keynes walilionyesha hilo mwaka 1955: waliizuia pampu ya neva ya ngisi kwa sumu inayokata nishati ya seli, na neva ikaendelea kutoa misukumo.

Sasa tuitazame chaneli yenyewe. Ni protini iliyopenya utando, yenye tundu katikati. Neva ikitulia, lango la sodiamu limefungwa, na kizibo kinaning'inia upande wa ndani wa seli bila kuziba chochote. Volteji inapopanda, amri inayotoka ni moja na inawafikia watatu kwa wakati mmoja: lango la sodiamu lifunguke, kizibo cha sodiamu kizibe, na lango la potasiamu lifunguke. Ni kama kupiga filimbi moja pale Nyawera, mjini Bukavu, ukiwaita watu watatu: mmoja amesimama palepale, wawili wanatoka mtaa wa Kadutu kwa miguu. Wote wamesikia, wote wanakuja, ila yule wa kwanza anapata nafasi ya kufanya kazi yake kabla wenzake hawajatokea.

Lango la sodiamu linafunguka kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Kizibo na lango la potasiamu vinahitaji kama milisekunde moja hivi. Katika dirisha hilo sodiamu inaingia kwa nguvu, volteji inapanda, malango mengine yanafunguka, na ule mzunguko unaokutia wasiwasi unazunguka kweli. Ukianzia kwenye kizingiti, karibu na -55, volteji inafika juu ya sifuri, hadi +30 au +40, kabla milisekunde moja haijaisha. Kizingiti chenyewe si namba iliyoandikwa kwenye protini. Ni pale sodiamu inayoingia inapoanza kuizidi potasiamu inayovuja kutoka. Chini ya hapo potasiamu inashinda, na volteji inarudi ilikotoka.

Mwendo ungeachiwa, volteji ingekimbilia kwenye usawa wa sodiamu. Usawa huo tunaupata kwa fomula ya Nernst. Katika joto la mwili:

```
E = 61.5 × log10(nje / ndani)
Na: 61.5 × log10(145 / 12) = +67 mV
K:  61.5 × log10(4 / 140)  = -95 mV
```

Kilele hakifiki +67 kwa sababu wale wawili wa Kadutu wameshafika. Vizibo vinazikata chaneli za sodiamu moja baada ya nyingine, huku potasiamu ikitoka na kuondoka na chaji chanya. Volteji inaporomoka. Na kwa kuwa malango ya potasiamu ni mazito hata kufunga, volteji inapitiliza kidogo chini ya -70 kabla ya kutulia.

Utaniuliza: tunajuaje kwamba kuna kizibo, na si kwamba lango la sodiamu lilijifunga lenyewe kwa sababu volteji ilishuka? Swali hilo ndilo Hodgkin na Huxley walilolikata katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1952, wakitumia neva ya ngisi ambayo unene wake unakaribia nusu milimita, kiasi kwamba unaweza kupitisha waya ndani yake. Waliishika volteji isiende popote, kwa mfano iruke hadi sifuri na ibaki hapo. Mkondo wa kuingia ulipanda haraka, kisha ukafifia wenyewe, ingawa volteji haikushuka hata kidogo. Baadaye mkondo wa kutoka ulipanda taratibu na ukabaki. Walipoiondoa sodiamu ya nje na badala yake kuweka kolini, yenye chaji chanya lakini isiyopita kwenye chaneli hizo, mkondo wa kuingia ulitoweka, ule wa kutoka ukabaki vilevile. Basi kufifia kwa sodiamu hakukusababishwa na kushuka kwa volteji. Kitu fulani kilikuwa kinaziba, kwa mwendo wake. Mwaka 1973 Armstrong, Bezanilla na Rojas walipitisha ndani ya neva kimeng'enya kinachokatakata protini. Malango yaliendelea kufunguka kama kawaida, lakini kuziba kulikwisha. Kizibo kilikuwa upande wa ndani, nacho kilikuwa kimekatwa.

Na mfano wa chaneli zisizoziba vizuri unao nyumbani. Dawa iliyopakwa kwenye chandarua, permethrini au deltamethrini, inashika chaneli za sodiamu za mbu na kuzichelewesha kuziba na kufunga. Neva za mbu zinafyatua msukumo juu ya msukumo hadi zinashindwa kazi, naye anaanguka. Hapo ndipo unapouona ule mkwamo uliouuliza.

Kuna jambo moja la kizibo ambalo wanafunzi hulipita haraka. Kikishaziba, hakitoki hadi volteji irudi chini. Kwa hiyo chaneli ya sodiamu ina hali tatu: imefungwa, iko wazi, au imezibwa. Iliyofungwa iko tayari kuitika. Iliyozibwa haiitiki, hata uipige kichocheo cha nguvu namna gani. Ndiyo maana mara tu baada ya msukumo neva haiwezi kutoa mwingine, na ndiyo maana msukumo haurudi nyuma ulikotoka. Kazi ya potasiamu, kwa maoni yangu, haielezwi vizuri ikiishia kwenye “kushusha volteji”. Kwa kuishusha inazizibua chaneli za sodiamu, na bila hilo msukumo wa pili haupo.

Hali hizo tatu zinatuwezesha kueleza ugonjwa mmoja unaowachanganya wengi. Chukua mtu aliyefukiwa na ukuta usiku wa mvua kubwa, kwenye moja ya miteremko ya Bukavu ambako ardhi huporomoka. Miguu ilikandamizwa kwa saa nyingi. Akitolewa, damu inarudi kwenye misuli iliyopondeka, na potasiamu iliyokuwa ndani ya seli hizo inamwagika kwenye mzunguko. Tuseme inafika 8 badala ya 4. Rudia hesabu: 61.5 × log10(8 / 140) ni -76. Usawa wa potasiamu umepanda kutoka -95, na utulivu wa seli za misuli na moyo, ambao kwa kawaida uko karibu na -90, unaufuata juu.

Mwanafunzi anayefikiri vizuri atasema: basi seli imesogea karibu na kizingiti, itakuwa nyepesi kusisimka. Kwa kupanda kidogo ana haki. Lakini mgonjwa huyu analegea miguu, na moyo wake unapitisha umeme kwa uzito. Kilichotokea ni kwamba volteji haikuruka, ilipanda taratibu na kukaa. Lango hushinda kizibo kwa mbio tu. Ukiondoa mbio, vizibo vinapata muda wote vinaouhitaji, na chaneli moja baada ya nyingine inazibwa kabla malango ya kutosha hayajafunguka pamoja. Katika seli za moyo chaneli zilizo tayari zinapungua sana utulivu unapopanda hivyo, na ukikaa karibu na -55 zinakuwa kama hazipo.

Kwenye karatasi ya umeme wa moyo utaliona hilo. Wimbi la T linachongoka mapema. Baadaye wimbi la P linafifia na lile la QRS linapanuka, kwa sababu QRS ni kasi ya sodiamu kuingia kwenye misuli ya vyumba vya chini, na sasa sodiamu inaingia kupitia milango michache. Namba ya maabara peke yake inaweza kukudanganya: sampuli iliyovutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba hupasua chembe nyekundu, nazo zina potasiamu tele. Majimaji ya juu yakiwa mekundu, mgonjwa hana sababu ya kuwa na potasiamu nyingi, na karatasi ya moyo iko sawa, vuta damu upya. Kwa yule aliyetolewa chini ya ukuta, usingoje.

Dawa ya kwanza ni kalsiamu kwenye mshipa, nayo haipunguzi potasiamu hata kidogo. Maelezo ya kawaida ya vitabu ni kwamba kalsiamu inakaa kwenye chaji hasi za uso wa nje wa utando, na protini za chaneli zinahisi kana kwamba ndani kumekuwa hasi zaidi. Kizingiti kinasogea mbali, na sehemu ya chaneli zilizozibwa inazibuka. QRS inaweza kupungua upana ndani ya dakika chache, huku kipimo cha potasiamu kikiwa kilekile. Nafuu hiyo hudumu kama nusu saa hadi saa moja, na katika muda huo insulini pamoja na glukosi huanza kuirudisha potasiamu ndani ya seli, wakati timu inaandaa njia ya kuitoa mwilini kabisa.