Kolamu ya HPLC: mkia wa kilele na shinikizo linalopanda si lazima ziwe dalili za ugonjwa mmoja

Tuchukue maabara ya kupima ubora wa dawa hapa Nairobi, inayopima vidonge vya kotrimoksazoli, yaani sulfamethoksazoli na trimethoprimu pamoja, kwa HPLC, mashine ambayo pampu yake husukuma sampuli kwa kiyeyushi ndani ya mrija uitwao kolamu ili viambato vitengane, na kila kimoja kikifika kwenye ditekta huchorwa kama kilele. Kolamu ni ya C18 yenye urefu wa milimita 250, kiyeyushi ni bafa ya fosfeti ya pH 6 iliyochanganywa na asetonitrili, na mtiririko ni mililita 1 kwa dakika. Shinikizo lililozoeleka ni 110 bar; sasa limefika 190. Kilele cha trimethoprimu nacho kimeota mkia, yaani upande wake wa nyuma umerefuka, wenye kipimo cha 2.3 pale ambapo 1 ni ulinganifu kamili, ilhali cha sulfamethoksazoli kimebaki 1.1. Tayari mtu anataka kuagiza kolamu mpya.

Dhana: Shinikizo likipanda, kolamu ndiyo iliyoziba.

Ukweli ni kwamba pampu husoma ukinzani wa njia nzima, tangu inapotoka yenyewe hadi kwenye ditekta. Kabla ya kufungua kiungo chochote, hakikisha kwamba mtiririko, mchanganyiko na joto ni vilevile vya siku zote. Asubuhi za Julai jijini huwa baridi, na oveni ya kolamu ikiwa imezimwa kiyeyushi huwa kizito na shinikizo hupanda bila kitu chochote kuziba. Methanoli na maji nazo zikichanganywa karibu nusu kwa nusu huwa nzito kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Hayo yakiwa sawa, fungua viungo kimoja kimoja ukianzia upande wa ditekta na kurudi nyuma, huku ukisoma shinikizo kila hatua. Katika mfano wetu, ditekta ilipotolewa shinikizo lilibaki 188, kwa hiyo haikuwa na kosa. Kolamu kuu ilipotolewa, likabaki 92, mahali ambapo kwa kawaida husoma 12. Kolamu ya kinga ilipotolewa, likashuka hadi 8. Hesabu inajieleza: kolamu kuu inachukua 96 kama ilivyokuwa siku zote, na uzibaji wote uko kwenye ile ndogo iliyotangulia, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kolamu kuu. Chanzo chake mara nyingi ni unga wa vidonge usioyeyuka, ambao ungezuiwa kama sampuli ingechujwa kwa kichujio cha mikromita 0.45.

Dhana: Kazi ikiisha, kolamu isafishwe mara moja kwa asetonitrili tupu.

Fosfeti haiyeyuki katika asetonitrili tupu. Bafa iliyobaki ndani ikikutana nayo, chumvi hugeuka fuwele papo hapo, kwenye kolamu na hata kwenye vali za pampu. Pitisha kwanza mchanganyiko uleule, ila maji yachukue nafasi ya bafa, kwa nusu saa hivi, ndipo uongeze asetonitrili.

Dhana: Mkia ni alama ya kolamu iliyochakaa.

Swali la kuanzia ni hili: ni vilele vipi vyenye mkia? Vikiwa vyote, tena kwa kiasi kinachokaribiana, shaka iende kwenye mambo ya umbo, yaani pengo kwenye mdomo wa kolamu, kichujio chake kilichoziba kiasi, au mrija usiokaa sawasawa kwenye kiungo. Hapa kimeathirika kimoja, na kolamu ya kinga ilipobadilishwa shinikizo lilirudi 110, lakini mkia wa trimethoprimu ukabaki 2.2. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, yakatokea kwa wakati mmoja.

Trimethoprimu ni besi, na kwenye pH 6 sehemu yake kubwa hubeba chaji chanya. Juu ya silika inayojaza kolamu kuna vikundi vya kemikali viitwavyo silanoli, na baadhi yake kwenye pH hiyo hubeba chaji hasi. Molekuli chache hushikwa hapo na kuchelewa kutoka, nazo ndizo zinazouchora ule mkia. Sulfamethoksazoli, ambayo ni asidi dhaifu, haivutwi hivyo. Kabla ya kuamua, punguza ukali wa sampuli mara kumi: mkia ukipungua sana, huenda ulikuwa unaipakia kolamu kupita kiasi. Usipopungua, unaweza kushusha pH hadi karibu 3 ili silanoli zipoteze chaji, kuongeza trietilamini kidogo izifunike, au kutumia kolamu ambayo silanoli zake zimezibwa kiwandani. Kushusha pH hubadilisha muda wa kutoka kwa vilele, kwa hiyo mbinu iliyokwisha kuthibitishwa haiwezi kuguswa hivyo bila kuthibitishwa upya. Kwa maoni yangu, maabara ya dawa ianze na kolamu hiyo yenye silanoli zilizozibwa.

Dhana: Kuigeuza kolamu na kuisukuma kinyume huponya yote mawili.

Huondoa uchafu uliokwama kwenye kichujio cha mdomoni, basi. Ifanywe pale tu mtengenezaji anaporuhusu, na ditekta iwe imetolewa ili uchafu usiingie humo. Silanoli haziguswi kabisa.