Barua ya kusudio isiyosema nani anafanya nini haimsaidii mtu

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu ambaye kazi yake ni kusimamia ushirikiano, kwamba barua ya kusudio, ile ambayo pande mbili zinaandikiana kabla ya mkataba kusema zinataka kufanya nini pamoja, inatakiwa iwe ya jumla jumla kwa sababu ukiweka tarehe na namba inageuka mkataba. Jamani, hapana. Nimeandika hizi barua miaka na miaka na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Chukua drafti aliyonitumia miezi kadhaa iliyopita. Pande mbili, taasisi moja inafundisha vijana ufundi wa sola, nyingine inaendesha zahanati zenye mitambo ya sola inayoharibika kila mara. Aya kuu ilisema hivi: "Pande zote mbili zinakusudia kushirikiana kwa karibu katika maeneo yenye maslahi ya pamoja, ikiwemo kujengeana uwezo na kubadilishana uzoefu." Futa majina yao, weka ya chama cha wafugaji na shule ya muziki, aya inasomeka vilevile. Mimi hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, barua ikikubali majina ya watu wengine bila kugoma basi haijasema kitu.

Nikawapigia wote wawili, kila mmoja peke yake, nikauliza swali moja tu: mkishasaini, Jumatatu asubuhi nani anafanya nini? Wa zahanati akasema vijana wataanza kuja kutengeneza mitambo, bure, si wako mazoezini. Wa mafunzo akasema zahanati zitaanza kuwalipa vijana wake. Yaani walikuwa wiki mbili mbali na kusaini, kila mtu na ushirikiano wake kichwani, na yale maneno matamu ya kujengeana uwezo ndiyo yaliyowaficha wasione.

Tukaandika upya. Lengo likawa: "Tunakusudia kujaribu kwa miezi 6, kwenye zahanati 8, kama mafundi 12 waliohitimu wanaweza kufika ndani ya saa 72 tangu hitilafu iripotiwe." Hatua zikafuata kwa mpangilio. Ndani ya siku 14 tangu sahihi ya mwisho, mratibu wa zahanati anapanga kutuma orodha ya mitambo, ukubwa wake, umri wa betri na hitilafu za karibuni. Siku 21 baada ya kupokea orodha, mkuu wa mafunzo anapanga kupeleka mafundi kukagua zahanati mbili. Siku ya 45 kikao, ajenda moja, tuandike mkataba au tuache. Kikao kisipofanyika hadi siku ya 60 barua inakufa yenyewe. Andika cheo, sio jina la mtu, maana watu wanahama kazi.

Na pesa je? Hawakuwa wamekubaliana, basi tukaandika hivyohivyo: "Bado hatujaamua nani analipa nauli na posho za mafundi, litaamuliwa kwenye kikao cha siku ya 45." Hiyo nayo ni sentensi yenye mwili.

Sasa hofu ya mkataba. Kinachofunga sio tarehe. Kwa kawaida huangaliwa maneno mliyotumia na mwenendo wenu, kama mlikusudia kufungana kisheria au la, ndio maana tuliweka aya inayosema barua hii haiundi wajibu wa kisheria isipokuwa kwenye usiri na kwenye kila upande kubeba gharama zake hadi mkataba usainiwe. Hizo mbili tulitaka zifunge, na tukasema wazi. Halafu angalia vitenzi, nimeandika "anapanga kutuma", sikuandika "atalazimika kutuma".

Ila hapa mimi mwenyewe huwa nasitasita. Hayo maneno hayakulindi ukianza kazi yenyewe. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni za RTS na Müller, walianza na barua ya kusudio, barua ikaisha muda, kazi ikaendelea na malipo yakaendelea bila mkataba kusainiwa, na mahakama ikasema mkataba upo, kutokana na mwenendo wao. Sheria za kwenu zinaweza kuwa tofauti, muulize mwanasheria. Lakini ona kilichowafunga pale ni kufanya kazi, kwa hiyo kwenye barua yetu ukaguzi wa zahanati mbili ni kuangalia tu, fundi hagusi waya.

Orodha ilikuja siku ya 12. Kati ya zahanati 8, tano betri zake zilikuwa zimechoka kabisa, hata ulete fundi kila siku hazitashika chaji. Siku ya 45 wakakaa, wakabadilisha lengo, kwanza kutafuta betri, mafundi baadaye, na nauli italipwa na zahanati. Sasa hivi wanaandika mkataba wa hilo.