Mtoto wa kulea na barua ya chifu

"Wakili, nina watoto wanne," mama aliniambia alipokaa. Ni mwalimu mstaafu, mumewe alifariki zamani, na mali yake ni shamba la ekari 6 pamoja na akiba kidogo benki. Nilipouliza habari za kila mtoto, picha ilibadilika. Wawili aliwazaa. Wa tatu alimtoa kwenye makao ya watoto, na mahakama ikatoa amri ya kumuasili. Wa nne, mvulana wa miaka 12, aliachwa na jirani aliyefariki, naye mama amemlea tangu akiwa na miaka 4. Kwa huyu hapakuwa na karatasi hata moja.

Mama akifa bila wosia leo, Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, itawagawia watoto wake sawasawa. Aliyeasiliwa anahesabiwa kama aliyezaliwa na mama huyu, kwa hiyo anapata sawa na wale wawili: ekari mbili mbili. Anachohitaji ni cheti chake cha kuasiliwa. Kwa upande mwingine, hawezi tena kudai urithi wa wazazi waliomzaa wakifa bila wosia.

Yule wa nne hapati kitu moja kwa moja. Hata kama ofisi ya watoto ndiyo iliyomkabidhi kwa mlezi, malezi hayo hayamfanyi mrithi. Sheria inamwachia mlango mmoja tu. Kifungu cha 29 kinawataja, miongoni mwa wategemezi, watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia yake kama wake, mradi alikuwa akiwatunza hadi kufa kwake. Mtegemezi wa namna hiyo anaweza kuiomba mahakama imtengee sehemu chini ya kifungu cha 26. Haendi kudai fungu lake. Anaomba, na jaji hupima mahitaji yake, ukubwa wa mali na hali ya warithi wengine.

Ombi hilo lina muda wake: halipokelewi baada ya mahakama kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika miezi 6 baada ya hati kutolewa. Hapa ndipo watoto wa kulea wanapopotea. Kesi ya mirathi huanza na barua ya chifu inayoorodhesha walioachwa na marehemu. Chifu huandika majina anayopewa na familia. Ndugu wakisema "watoto ni watatu", tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi zinapita, na mtoto wa miaka 12 hasomi Gazeti Rasmi. Kwa hiyo nilimwomba mama ahifadhi risiti za karo na kadi ya kliniki ya mtoto, maana hizo ndizo zitakazothibitisha kwamba alikuwa akimtunza.

Lakini dawa hasa ni wosia. Rasimu aliyokuja nayo ilisema: "Mali yangu wagawane watoto wangu." Neno "watoto" peke yake ni mwaliko wa kesi, kwa sababu ndugu watasema halimhusu asiyezaliwa wala kuasiliwa. Tukaliondoa. Tuliandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tukaeleza kwamba mama amemlea kama wake tangu mwaka alioingia nyumbani, kisha tukataja anachopewa: ekari moja na nusu upande wa barabara, na robo ya akiba. Wenzake watatu nao walipewa ekari moja na nusu kila mmoja.

Kwa kuwa bado ni mdogo, mama aliteua wadhamini wawili wa kushika sehemu yake. Wosia unawaruhusu kukodisha ekari hiyo na kulipa karo kwa kodi, ila unawakataza kuiuza kabla hajafika miaka 21. Umri huo aliuchagua mama mwenyewe.

Mama alitaka mwanawe mkubwa awe shahidi. Nilikataa. Shahidi anayepewa kitu katika wosia, au ambaye mwenzi wake anapewa, huhatarisha zawadi hiyo: inabatilika isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Tukaita majirani wawili, wakamwona akitia sahihi, nao wakatia zao mbele yake.

Kwa Waislamu mambo hayaendi hivi, kwa kuwa mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu. Mtoto wa kulea si mrithi, na amri ya kuasili haimfanyi mrithi. Mlezi anaweza kumuusia hadi thuluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, au kumpa hiba akiwa hai na kumkabidhi kabisa.

Kabla hajaondoka nilimuuliza mama kama anafikiria kuolewa tena. Alicheka, lakini nilikuwa na sababu: ndoa mpya hufuta wosia wa zamani, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo na mtu huyo. Akiolewa, mvulana wake anarudi pale pale kwenye barua ya chifu, mpaka wosia uandikwe upya.